Kutoka Orodha ya Alama hadi Jedwali la Matokeo

Darasa la 7 lenye wanafunzi 40 wanaofanya masomo 6 huzaa mistari 240 ya alama. Kila mwalimu anapojaza somo lake kwenye faili moja la Excel, kila mstari hubeba vitu vitatu tu: namba ya mwanafunzi, somo na alama. Orodha hiyo ni rahisi kujaza, lakini ni ngumu kusoma. Mzazi akiuliza mtoto wake amepata nini, mwalimu wa darasa hulazimika kuokota mistari 6 iliyotawanyika.

Kinachotakiwa ni mistari 40, kila mwanafunzi na wake, na masomo yapangwe kwa safu. Excel hufanya kazi hiyo kwa `PivotTable`, inayopatikana chini ya `Insert`. Namba ya mwanafunzi huburutwa hadi `Rows`, somo hadi `Columns`, na alama hadi `Values`.

Mtego uko hapo kwenye `Values`. Kila chumba cha jedwali jipya kina nafasi ya tarakimu moja tu. Excel ikikuta mistari miwili ya mwanafunzi yuleyule katika somo lilelile, haitoi onyo, huijumlisha. Tuseme mwanafunzi namba 17 alipata 48 katika Hisabati, na kwa bahati mbaya mstari wake ukaingizwa mara mbili. Jedwali litaonyesha 96. Kama angepata 70, ile 140 ingemshtua yeyote, lakini 96 ni alama inayowezekana, na mtoto aliyekuwa katikati ya darasa atajikuta miongoni mwa vinara.

Dawa yake ni kuhesabu kabla ya kujumlisha. Kwenye `Summarize Values By` huchaguliwa kwanza `Count` badala ya `Sum`. Jedwali safi litajaa 1 kila mahali. Penye 2 pana marudio, na penye pengo hakuna alama iliyoingizwa. Ukaguzi huohuo hufichua majina ya masomo yasiyolingana: mwalimu mmoja akiandika Hisabati na mwingine Hesabu, zitatokea safu mbili, kila moja ikiwa na mapengo. Kwa sababu hiyo pia hutumika namba badala ya jina, maana wanafunzi wawili wenye jina moja wangeunganishwa kuwa mtu mmoja.

Asiyefanya mtihani ana shida yake. Mwalimu akiandika ABS penye alama, `Sum` huigeuza kuwa 0. Mwenye 60, 70 na 80 ana wastani wa 70. Akiongezewa sifuri hiyo, wastani hushuka hadi 52.5. Mstari wa asiyekuwepo usiingizwe kabisa, ili chumba chake kibaki kitupu, kwa kuwa `AVERAGE` huruka vyumba vitupu.

Mwalimu wa darasa asichape matokeo kabla ya kuipitisha orodha yake kwenye `Count`.