Je, Wajua? Hesabu silabi, si maneno

Maneno mawili ya Kiswahili yanaweza kula muda mwingi kuliko matano. "Bei ni ya leo tu" ni maneno matano, silabi saba. "Tutakuletea nyumbani" ni mawili tu, silabi tisa. Ndiyo maana mwandishi wa tangazo la redio akihesabu maneno peke yake, msomaji hujikuta anakimbizana na saa.

Mtego mkubwa zaidi ni tarakimu. "Sh 24,999" kwenye karatasi ni kitu kidogo, lakini mdomoni ni "shilingi elfu ishirini na nne mia tisa tisini na tisa": maneno kumi, silabi 22. Kwa mwendo wa silabi tano kwa sekunde, zimekwenda zaidi ya sekunde nne. Namba ya simu ya tarakimu kumi nayo hula takriban sekunde tano. Ukiisoma mara mbili, theluthi ya tangazo la sekunde 30 imekwisha, na bidhaa hujaitaja!

Kwa hiyo andika tarakimu zote kwa maneno, kisha soma kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Kusoma kimoyomoyo hudanganya.