Siku Tano za Dawa Mbili

Mgonjwa aliyelazwa kwa sababu ya donge la damu lililoziba mshipa wa mguu huanzishiwa dawa mbili karibu kwa pamoja. Heparini inaingia kwa dripu, na jioni ya siku hiyohiyo au kesho yake kinafuata kidonge cha wafarini. Zote ni dawa za kuzuia damu isigande. Ndugu wanaokuja kumjulia hali huuliza, tena wana haki ya kuuliza: mbona moja haitoshi?

Jibu liko kwenye mwendo wa dawa zenyewe. Heparini hushikamana na protini iliyomo tayari ndani ya damu, inayoitwa antithrombini, na kuifanya ifanye kazi yake ya kuzuia mgando kwa kasi kubwa. Ikidungwa mshipani, matokeo yake huanza papo hapo. Dripu ikifungwa, nguvu yake hupungua kwa nusu ndani ya saa moja au moja na nusu hivi. Wafarini haifanyi lolote kwa damu iliyokwisha kuwa tayari. Inakwenda kwenye ini na kulizuia lisiitumie tena vitamini K, kwa hiyo vigandishi vipya vinavyotengenezwa hutoka vikiwa havina nguvu. Vile vya zamani vinabaki kuzunguka hadi viishe vyenyewe.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kigandishi namba 7 hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6 hivi, lakini namba 2, ambacho ndicho chenye uzito mkubwa katika kujenga donge, huchukua karibu siku 3 kufikia nusu. Kipimo cha INR, kinachotumika kufuatilia wafarini, huhisi haraka kupungua kwa namba 7. Siku ya tatu majibu yanaweza kusoma 2.1, na lengo la mgonjwa wa aina hii ni kati ya 2 na 3. Kwenye karatasi mambo ni mazuri, ilhali mgonjwa bado hajakingwa. Zaidi ya hayo, protini C, ambayo mwili huitumia kuzuia mgando usipite kiasi, nayo hutegemea vitamini K na huisha mapema. Kwa siku hizo za mwanzo wafarini peke yake inaweza hata kuchochea mgando.

Ndiyo maana kanuni ina masharti mawili na yote lazima yatimie: heparini iendelee pamoja na wafarini kwa siku zisizopungua 5, na INR iwe imefika 2 au zaidi kwa muda wa saa 24. Muuguzi anayeijua sababu hii hakubali dripu iondolewe siku ya tatu kwa furaha ya namba moja nzuri.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, mama wa miaka 46 mwenye kilo 60, mguu wa kushoto umevimba na kuuma. Ratiba inayotumika sana huanza na yuniti 80 kwa kila kilo, yaani yuniti 4,800 kwa mkupuo, kisha yuniti 18 kwa kilo kila saa, ambazo ni 1,080. Mfuko wa dripu una yuniti 25,000 ndani ya mililita 500, kwa hiyo kila mililita ina yuniti 50. Gawanya 1,080 kwa 50, unapata mililita 21.6 kwa saa.

Hesabu hii ifanywe na wauguzi wawili, kila mmoja peke yake, ndipo walinganishe majibu. Heparini huuzwa kwenye vichupa vya nguvu tofauti vinavyofanana sana. Mwaka 2006, katika hospitali moja ya Indianapolis nchini Marekani, watoto njiti watatu walikufa baada ya kupewa heparini ya yuniti 10,000 kwa mililita badala ya ile ya yuniti 10. Neno yuniti nalo liandikwe lote. Herufi U iliyoandikwa kwa haraka husomeka kama sifuri, na dozi ikawa mara kumi.

Palipo na pampu, namba 21.6 huingizwa na kazi imekwisha. Pasipo na pampu, kwa mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 7 kwa dakika. Mgonjwa akikunja mkono yanakuwa matatu, akiunyoosha yanakuwa kumi. Wodi nyingi zimekimbilia enoksaparini kwa sababu kama hizi. Hiyo ni heparini yenye molekuli ndogo, inayodungwa chini ya ngozi ya tumbo kwa kipimo cha miligramu 1 kwa kilo kila baada ya saa 12, na kwa kawaida haihitaji kufuatiliwa maabara kila mara. Ila figo zikiwa dhaifu hubaki mwilini na kujikusanya. Sehemu iliyodungwa haisuguliwi, maana kusugua huleta uvimbe wa damu.

Mama wetu yuko kwenye dripu, na baada ya saa 6 damu yake inapelekwa kupimwa aPTT, yaani sekunde ambazo damu huchukua kuganda katika kipimo cha maabara. Kwa maabara ambayo damu ya kawaida huchukua sekunde 30, lengo ni mara 1.5 hadi 2.5 ya hapo, sawa na sekunde 45 hadi 75. Majibu yanarudi: 118. Jedwali la kurekebisha dozi linasema simamisha dripu kwa saa moja, kisha rudi kwa yuniti 15 kwa kilo.

Muuguzi wa zamu anakwenda kwanza kitandani. Dripu iko mkono wa kulia. Anamuuliza mgonjwa damu ilichukuliwa wapi.

"Hapahapa, sista, juu kidogo ya dripu."

Basi iliyopimwa ilikuwa damu iliyochanganyika na heparini inayoingia. Anamjulisha daktari, anamkagua mgonjwa kama anavuja damu popote, na sampuli nyingine inachukuliwa mara moja kutoka mkono wa kushoto. Safari hii ni sekunde 62. Dripu inabaki ilivyokuwa. Laiti dozi ingepunguzwa kwa kuamini karatasi tu, mama huyu angebaki na kinga pungufu huku donge likiwa na nafasi ya kukua, kumeguka na kusafiri hadi kwenye mapafu. Kama mkono wa kushoto nao ungetoa 118, kusimamisha dripu kungekuwa sahihi.

Kuna kipimo kingine ambacho husahaulika wakati macho yote yako kwenye aPTT: hesabu ya chembe sahani. Kati ya siku ya 5 na ya 10, mwili wa wagonjwa wachache hutengeneza kingamwili dhidi ya heparini, na chembe sahani hushuka kwa nusu au zaidi. La ajabu ni kwamba wagonjwa hawa mara nyingi hawatoki damu. Hupata madonge mapya. Heparini yote hukomeshwa, hata ile kidogo ya kusafishia sindano ya mshipani, na daktari hubadilisha dawa.

Kutafuta dalili za kutoka damu ni kazi ya kila zamu. Fizi, pua na mkojo uliobadilika rangi huonekana kwa urahisi. Michubuko ni habari nyingine. Vitabu vingi huonyesha alama za zambarau kwenye ngozi nyeupe. Kwa mgonjwa mweusi alama hizo hujificha, hivyo muuguzi apapase kutafuta uvimbe na joto, aangalie ndani ya kope, kaakaa na viganja. Choo cheusi kinahitaji swali moja zaidi, kwa sababu vidonge vya madini ya chuma pia hufanya choo kiwe cheusi. Choo chenye damu iliyosagwa hunata kama lami na harufu yake ni kali.

Damu inayoua kimyakimya ni ile inayovuja ndani. Mapigo ya moyo yakipanda na presha ikishuka, au mgonjwa akilalamika maumivu mapya ya kiuno au ubavu, muuguzi afikirie damu nyuma ya tumbo hata kama shuka ni safi. Kichwa kuuma ghafla, kutapika au kuchanganyikiwa ni dharura ya ubongo. Hatua ya kwanza kwa aliye kwenye heparini ni kufunga dripu, kabla hata ya kwenda kupiga simu. Kiua nguvu chake ni protamini, ambayo miligramu 1 hubatilisha takriban yuniti 100 za heparini. Wafarini hupingwa na vitamini K, lakini hiyo nayo huchukua saa nyingi kwa kuwa ini lazima litengeneze vigandishi upya. Damu ikiwa inamwagika, mgonjwa huongezewa plazma au vigandishi vilivyokolezwa.

Mama akiruhusiwa, heparini inabaki hospitali na wafarini inakwenda naye nyumbani. Mafunzo yaanze kabla ya siku ya kutoka, kwa sababu mtu anayefunga mizigo hasikii. Huenda jirani atamwambia kwamba anakunywa sumu ya panya. Ni kweli wafarini iliuzwa hivyo kuanzia 1948 na ikaruhusiwa kwa binadamu 1954. Muuguzi akilisema mapema, jirani hatapata nafasi ya kumtisha.

Kidonge humezwa jioni, saa ileile kila siku, ili majibu ya INR ya asubuhi yaweze kubadilisha dozi ya siku hiyo. Akisahau na akakumbuka usiku huohuo, ameze. Akikumbuka kesho yake, aendelee na dozi ya kesho bila kuongeza. Asitegemee rangi. Kwa dawa zenye rangi za Uingereza kidonge cha waridi ni miligramu 5, lakini za Marekani waridi ni miligramu 1. Ndugu akimletea chupa kutoka ng'ambo, zisomwe namba.

Wagonjwa wengine huambiwa waache mboga za majani. Ushauri huo ni mbaya. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini K nyingi, na kinachovuruga INR ni kubadilika kwa kiasi: wiki nzima mboga, wiki inayofuata hakuna. Ale kama alivyozoea, na dozi ipangwe kulingana na mlo wake.

Hatari kubwa zaidi iko duka la dawa. Diklofenaki na aspirini huongeza uwezekano wa kutoka damu. Flajili na septrini, zinazonunuliwa kwa kuhara au kikohozi bila kufikiri mara mbili, hupandisha INR ndani ya siku chache. Sindano ya msuli wa tako nayo inaweza kuacha donge kubwa la damu ndani ya nyama. Mgonjwa aseme "natumia wafarini" kabla ya kutaja kinachomuuma, na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aelezwe kwamba dawa hii inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo.

Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume. Huliamsha ini liiharibu wafarini haraka, na dozi hulazimika kuongezwa, wakati mwingine mara mbili au zaidi. Miezi sita ya matibabu inapokwisha, ini hurudi taratibu kwenye hali yake ndani ya wiki chache, huku mgonjwa akiendelea kumeza dozi kubwa ileile. Kwa hiyo tarehe ya kumaliza dawa za kifua kikuu iandikwe kwenye kadi ya wafarini tangu siku ya kwanza, na INR ipimwe kila wiki kuanzia hapo hadi itulie.