Saa ya Jua Iliyosubiri Redio Isiyofika

Jirani yangu mmoja wa Tanga, mzee mstaafu, aliletewa saa ya mkononi na mwanawe anayefanya kazi Hamburg. Aliambiwa haitamdai betri wala haitataka kurekebishwa, kwa kuwa inajirekebisha yenyewe kila usiku. Baada ya miezi sita ilikuwa inachelewa kwa dakika moja na nusu. Halafu mshale wa sekunde ukaanza kutulia na kuruka sekunde mbili kwa mpigo. "Mwanangu," akaniambia, "nimeletewa feki." Haikuwa feki. Ilikuwa na shida mbili tofauti, kila moja na chanzo chake.

Tuanze na huko kuchelewa. Ndani ya saa hiyo mna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde, nayo saa huhesabu mitetemo hiyo. Ni hesabu nzuri, lakini joto na umri huisogeza kidogo, na saa ya kawaida ya aina hii hupotea hadi kama sekunde 15 kwa mwezi. Miezi sita ni sekunde 90, yaani dakika ile ile na nusu ya mzee. Kule Hamburg kosa hilo lingefutwa kila usiku. Karibu na Frankfurt, mahali paitwapo Mainflingen, kuna kituo cha redio kiitwacho DCF77. Kinarusha mawimbi marefu ya kilohezi 77.5, na wakati wake unaongozwa na saa za atomu. Kila sekunde nguvu ya mawimbi hushushwa kwa muda mfupi: ikishushwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde ni sifuri, ikishushwa kwa sehemu mbili ni moja. Katika sekunde ya mwisho ya dakika haishushwi kabisa, na ukimya huo ndio unaoiambia saa kwamba dakika mpya inaanza. Kwa dakika moja saa inakuwa imepata saa, dakika, siku, mwezi na mwaka. Nyingi hufanya kazi hiyo usiku wa manane, maana mawimbi hayo hufika mbali zaidi gizani, na vyombo vya umeme vya nyumbani vinavyoyavuruga vingi vimezimwa.

Lakini mawimbi ya Mainflingen yanategemewa hadi kama kilomita 2,000, na Tanga iko zaidi ya kilomita 6,000. Vituo vingine viko Uingereza, Marekani, Japani na China, navyo pia ni mbali mno. Kwa hiyo kila usiku saa ya mzee ilitega sikio, ikakosa, ikarudi kuhesabu kwa kwatzi yake peke yake. Tulibonyeza kitufe cha kuuliza matokeo ya mara ya mwisho, na mshale ukaenda kwenye NO. Hata Ulaya kwenyewe jibu hilo hutokea, hasa ukilala na saa kando ya kompyuta au ndani ya jengo lenye nondo nyingi.

Shida ya pili ndiyo inayoua saa hizi. Uso wa saa hupitisha mwanga, na chini yake kuna bamba linalogeuza mwanga kuwa umeme wa kujaza betri ndogo ya lithiamu. Mzee aliipenda sana saa yake, akaihifadhi kwenye boksi ndani ya kabati na kuivaa Ijumaa tu, tena chini ya mkono wa kanzu. Ilikuwa na njaa. Kule kuruka sekunde mbili mbili ni ishara iliyowekwa na watengenezaji kusema chaji inakwisha. Tuliiweka dirishani siku kadhaa, uso ukitazama nje, ikarudi kutembea sekunde moja moja. Taa ya chumbani nayo huchaji, ila kazi ya dakika chache za jua huichukua saa nyingi. Usiianike juu ya bati wala kwenye dashibodi ya gari: joto huharibu betri hiyo, kama vile kukaa tupu kwa muda mrefu kunavyoiharibu.

Ikiwa umeipa jua la siku kadhaa na bado inasimama usiku mmoja tu ukiiweka gizani, betri imechoka. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Huweka betri ya kawaida inayolingana kwa ukubwa, na saa hutembea. Lakini betri hiyo haikuundwa kuchajiwa, na bamba la jua litaendelea kuisukumia umeme hadi ivuje na kula sakiti. Mwambie fundi akuwekee betri ya kuchajiwa ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani, na umsimamie akiisoma.

Saa ya mzee sasa anaivaa kila siku, nami humwekea majira kwa mkono mara moja kwa mwezi. Kwa anayetaka kununua akiwa huku kwetu, saa ya jua inafaa sana. Ile ya redio usiiongezee hata shilingi. Ukitaka inayojirekebisha, tafuta inayopokea GPS, kwa sababu setilaiti zake zinapita juu ya Tanga kama zinavyopita juu ya Hamburg.