Mzaha wa Uso Mkavu

Jina la Ngarenaro latokana na Kimaasai, na maana yake ni maji meusi. Basi mgeni akifika kwetu, mwenyeji aweza kumwambia: "Huku chai haitiwi majani, kwa kuwa maji yashuka kutoka Meru yakiwa meusi tayari. Sisi twatia sukari tu." Maneno haya yaweza kuchekesha sana au yasichekeshe kabisa, na tofauti imo usoni mwa msemaji.

Akisema huku anacheka, kicheko chake kimekwisha tangaza kwamba huo ni mzaha. Mgeni hana kazi iliyobaki, naye atatabasamu kwa adabu tu. Lakini akisema kwa sauti ile ile ya kumwelekeza mtu njia ya sokoni, mgeni hupata habari mbili zinazopingana: masikio yasikia jambo lisilowezekana, na macho yaona mtu anayesema kweli. Hunyamaza kidogo akipima lipi aamini. Akisha kulifumbua mwenyewe, kicheko humtoka kwa nguvu.

Kimya hicho kifupi ndicho kipimo. Watu wakicheka kabla hujamaliza, huenda mdomo au macho yamekusaliti. Wakianza kukuuliza maswali kwa dhati, basi wamekuamini, na kosa limo katika maneno: hawakupata njia ya kuutambua upuuzi wake.

Jambo hilo lilionekana Uingereza tarehe 1 Aprili 1957. Siku hiyo televisheni ya B.B.C. ilionyesha familia ya Uswisi ikichuma tambi mitini. Mtangazaji Richard Dimbleby, aliyeheshimiwa kwa habari nzito, alieleza mavuno hayo kama mavuno ya kahawa au mahindi. Waliojua kwamba tambi hutengenezwa kwa unga walicheka. Lakini wakati ule tambi hazikuwa chakula cha kawaida huko, na watazamaji wengine waliuliza jinsi ya kupanda mti wa tambi.

Wazee wetu waliliweka jambo hili katika utani. Mtani huweza kufika msibani akazuia maziko, akidai bila kucheka kwamba marehemu ana deni lake na hazikwi mpaka alipwe. Wafiwa hucheka katikati ya machozi, humpa senti kidogo, na maziko huendelea. Hadaiki mtu hapo, maana kila mmoja ajua kwamba huyu ni mtani. Uso wake hauonyeshi mzaha, lakini ujamaa wake waonyesha.

Kwa hiyo, mwanafunzi akimwambia mwenziwe kwa uso mkavu kwamba mtihani umeahirishwa, huo si mzaha. Mitihani huahirishwa kweli, na msikilizaji hana la kumwonya. Huo ni uwongo, na mwenziwe aweza kuukosa mtihani. Uso ukifichwa, sharti upuuzi uonekane katika maneno.