Barua Inayoitangulia Makala kwa Mhariri wa Jarida

Barua pepe ya kuwasilisha makala ni barua fupi ambayo mtafiti humwandikia mhariri wa jarida la kitaaluma anapompelekea makala ili ifikiriwe kuchapishwa. Barua hiyo haielezi makala nzima, kwa kuwa hiyo ni kazi ya ikisiri iliyomo ndani ya makala yenyewe. Inatakiwa kumjibu mhariri maswali mawili tu: makala inaongeza nini ambacho hakikuwa kikijulikana, na je, imeletwa kwa jarida hili peke yake? Jibu la swali la kwanza ndilo mchango wa makala, na jibu la swali la pili ndilo tamko la upya wake. Majibu yote mawili hutosha katika maneno 150 hadi 250.

Kwa kawaida barua hii husomwa na mhariri na wasaidizi wake, haipelekwi kwa wapitiaji. Katika majarida ambayo mpitiaji hatakiwi kumjua mwandishi, jina huondolewa kwenye makala, na barua au ukurasa wa peke yake ndio unaobeba jina, taasisi na anwani. Mhariri huisoma akiwa na uamuzi wa kwanza wa kufanya: awatafutie wapitiaji makala hii, au airudishe papo hapo. Makala nyingi hurudishwa katika hatua hiyo ya kwanza, kwa sababu hazihusiani na jarida, au kwa sababu haionekani zinaongeza nini. Barua haiwezi kuiokoa makala dhaifu, lakini barua mbaya inaweza kuificha makala nzuri.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mchango unavyoelezwa. Tuchukulie mwalimu aliyefanya utafiti wa majina ya sehemu za ngalawa kisiwani Pemba, na sasa anataka kuipeleka makala yake kwenye jarida linalohusika na lugha, kama vile *Kiswahili*, linalotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu huyo na takwimu zake ni wa kubuni. Katika rasimu yake ya kwanza ameandika hivi:

"Makala hii inahusu msamiati wa vyombo vya baharini Pemba. Kiswahili ni lugha muhimu Afrika Mashariki na duniani, hivyo utafiti huu utakuwa na manufaa makubwa kwa wasomi."

Sentensi ya kwanza inataja mada, haitaji kilichogunduliwa. Mhariri anajua sasa kwamba kuna makala kuhusu ngalawa, lakini hajui ngalawa hizo zimemfunza nini mwandishi. Sentensi ya pili ni ya kweli, ila ingeweza kuwekwa katika barua ya makala yoyote ya Kiswahili, iwe ya ushairi, ya sarufi au ya tafsiri. Hicho ndicho kipimo rahisi cha sentensi ya mchango: ikihamishiwa kwenye barua ya mtu mwingine na bado ikakaa sawasawa, basi haijasema kitu.

Sentensi za mchango zilizo nzuri hufuata mwendo wa hatua tatu: hali ilivyokuwa, kilichofanywa, na kilichopatikana. Katika mfano huu hali inajulikana. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikausimamia usanifishaji huo. Kwa hiyo maneno ya ufundi ya lahaja nyingine hayakuwa na njia rahisi ya kuingia kwenye kamusi. Mwandishi hana haja ya kuisimulia historia hiyo yote kwa mhariri anayeijua. Anahitaji kuigusa kwa kifungu kimoja ili pengo lionekane, kisha aseme alizungumza na nani, wangapi na wapi, na mwisho atoe matokeo kwa namba au kwa dai linaloweza kuhakikiwa.

Maneno kama "kwa mara ya kwanza" na "haijawahi kutokea" huhitaji uangalifu hapa. Mhariri wa fani hiyo huenda anamjua mtu aliyeandika jambo la karibu, na dai moja lililozidi humfanya ayatilie shaka na madai mengine. Ni salama zaidi kutaja ulinganisho wenyewe: maneno yalikusanywa, yakatafutwa katika kamusi fulani, na kadhaa hayakuonekana. Msomaji yeyote mwenye kamusi hiyo anaweza kufungua kurasa na kuthibitisha.

Suala la upya lina sura mbili ambazo waandishi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni upya wa maarifa, yaani matokeo ambayo wengine hawajayatoa. Huu hujitokeza wenyewe katika sentensi za mchango. Ya pili ni upya wa chapisho: makala haijachapishwa kwingine, na kwa wakati huu haifikiriwi na jarida jingine. Huu haujitokezi wenyewe, lazima utamkwe. Makala inaweza kuwa na matokeo mapya kabisa na bado ikavunja sharti la pili, kwa sababu mwandishi ameituma kwa wahariri wawili kwa siku moja.

Sharti hilo la pili lilipata sura ya kanuni mwaka 1969, pale Franz Ingelfinger, mhariri wa jarida la tiba la *New England Journal of Medicine*, alipotangaza kwamba jarida lake halitapokea makala ambayo maudhui yake yamekwisha kutolewa kwingine. Majarida ya fani nyingine nayo huuliza swali hilohilo. Sababu zake ni za kivitendo. Wapitiaji wengi husoma makala bila malipo, na si haki watu wanne waifanye kazi ya wawili. Majarida mawili yakiitoa makala ileile, haki ya chapisho huingia katika mgogoro. Na wasomaji wa baadaye wanaweza kuuhesabu ushahidi mmoja mara mbili, kosa ambalo katika utafiti wa dawa linaweza kuifanya tiba ionekane na nguvu kuliko ilivyo.

Tamko la upya halimaanishi kwamba matokeo hayakuwahi kuonekana mahali popote. Majarida mengi hukubali makala iliyotokana na tasnifu ya umahiri au uzamivu, au iliyosomwa kwenye kongamano, maadamu jambo hilo limesemwa. Kosa ni kunyamaza. Wahariri wengi hupitisha makala kwenye programu ya kutambua maandiko yanayofanana, na tasnifu iliyowekwa kwenye mtandao wa maktaba ya chuo huibuka mara moja. Mwandishi aliyeitaja tasnifu yake mapema huonekana mkweli. Aliyeificha hulazimika kujieleza, ingawa maneno yaliyofanana ni yake mwenyewe.

Kwa watafiti wanaoandika kwa Kiswahili na Kiingereza kuna hatari ya pekee. Makala iliyochapishwa kwa Kiingereza na kisha kutafsiriwa haigeuki kuwa makala mpya kwa sababu ya kubadilishwa lugha. Inaweza kuchapishwa tena kwa wasomaji wengine, na mara nyingi inafaa kuchapishwa, lakini kwa masharti: wahariri wa majarida yote mawili wakubali, na toleo la pili liwaeleze wasomaji kwamba limetoka kwa toleo la kwanza na lilichapishwa wapi. Mahali pa kuanzia ni barua hii. Ikiwa data ni ileile ila uchambuzi ni tofauti, barua iseme data ipi imerudiwa na uchambuzi upi ni mpya.

Baada ya kurekebishwa, barua ya mwalimu wa Pemba inaweza kusomeka hivi:

"Yah: Kuwasilisha makala kuhusu majina ya sehemu za ngalawa katika Kipemba

Ndugu Mhariri,

Naomba makala niliyoiambatisha, 'Majina ya Sehemu za Ngalawa katika Kipemba', ifikiriwe kuchapishwa katika jarida lako. Ina maneno 6,800 na majedwali mawili.

Kamusi za Kiswahili sanifu zimeegemea Kiunguja, na maneno ya ufundi ya lahaja nyingine huingia humo kwa nadra. Makala inatokana na mahojiano na wavuvi na mafundi 24 wa Wete na Mkoani. Kati ya majina 96 yaliyokusanywa, 31 hayamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na mengi ya hayo ni ya mrengu na viungio vyake.

Makala haijachapishwa popote wala haiko mikononi mwa jarida jingine. Sehemu ya data imo katika tasnifu yangu ya umahiri. Uchambuzi wa majina ya mrengu ni mpya. Sina mgongano wa masilahi.

Jina na anwani yangu viko katika ukurasa wa peke yake.

Wako,"

Kila aya hapo ina kazi moja. Ya kwanza inaomba na kutoa vipimo, kwa kuwa majarida huweka ukomo wa maneno na mhariri hutaka kujua kama umezingatiwa. Ya pili ni mchango, na mhariri anayejua ufundi wa vyombo atatambua mara moja kwamba matokeo hayakutawanyika ovyo: yamejikusanya kwenye mrengu, si kwenye omo, tezi au mlingoti. Ya tatu ni upya wa chapisho pamoja na yanayopaswa kukiriwa. Makala ikiwa na waandishi zaidi ya mmoja, hapo huongezwa sentensi kwamba wote wameisoma na kuikubali, na hutajwa mmoja atakayewasiliana na jarida.

Makosa mengine ni ya mkono tu, lakini huonekana kabla ya mengine yote. La kawaida ni kuacha jina la jarida lililoikataa makala mwanzo, kwa sababu barua ya zamani ilinakiliwa bila kusomwa upya. Lingine ni kulifuta jina kwenye ukurasa wa kwanza na kulisahau katika shukrani, katika tanbihi, au katika taarifa za siri ambazo programu ya uandishi huzihifadhi ndani ya faili. Hata jina la faili linaweza kumtaja mwandishi. La tatu ni kuibandika ikisiri yote ndani ya barua, hata mhariri akaisoma mara mbili na mchango ukazama humo. Majarida yanayopokea makala kupitia tovuti huwa na kisanduku cha barua hii. Maneno ni yaleyale, na yanayoulizwa na fomu hayarudiwi.

Jarida likishaipokea makala, kwa kawaida hutoa namba ya kumbukumbu, na namba hiyo hutajwa katika mawasiliano yote yanayofuata. Kuanzia hapo tamko la upya linaendelea kumfunga mwandishi. Akichoka kusubiri na kutaka kuipeleka makala kwingine, huandika kwanza kuiondoa kwa kutaja namba hiyo, na husubiri mhariri athibitishe. Uthibitisho huo ukifika, sentensi inayosema makala haiko mikononi mwa jarida jingine inakuwa kweli tena, na inaweza kuandikwa katika barua inayofuata.