Kam Kitaban: Kwa Nini Kiarabu Huuliza Idadi kwa Umoja

Mswahili akitaka kujua idadi huanza na wingi. Husema vitabu vingapi, watu wangapi, siku ngapi. Hata kabla hajapata jibu, lugha yake imeshachukulia kwamba vitu ni zaidi ya kimoja, na "ngapi" hufuata ngeli ya wingi huo. Ndiyo maana wanafunzi wetu wengi wa Kiarabu, wakifika kwenye kiulizo "kam", huandika "kam kutuban" wakidhani wamepatia. Mwalimu huikata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: kam kitaban. Kitabu kimoja, chenye fataha mbili mwishoni.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kam ikiwa ya kuuliza, nomino inayohesabiwa baada yake huwa katika umoja, huwa bila "al" ya kujulisha, na huwa mansubu, yaani imetiwa alama ya nasbu, ambayo kwa nomino nyingi za umoja ni fataha mbili. Kam waladan, watoto wangapi. Kam yauman, siku ngapi. Kam sayyaratan, magari mangapi. Wanafunzi wengi huihifadhi hivyo hivyo na kuendelea na somo jingine, kisha baada ya mwezi wanaisahau, kwa sababu hawakuambiwa imetoka wapi. Asili yake imo katika namba.

Kiarabu hakihesabu vitu vyote kwa namna moja. Kuanzia 3 hadi 10, kinachohesabiwa huwa wingi na huwa majruri, yaani hutiwa kisra: thalathatu kutubin, vitabu vitatu. Kuanzia 11 hadi 99, kinachohesabiwa hurudi kwenye umoja na kuwa mansubu: ahada ashara kitaban, vitabu kumi na kimoja, ishruna kitaban, vitabu ishirini. Ukifika 100 na 1,000, umoja unabaki lakini nasbu inaondoka na kisra inarudi: miatu kitabin, vitabu mia. Wasomaji wetu wengi wana mfano wa kundi hili la mwisho bila kujua, kwani jina la hadithi za Alfu Lela Ulela lina neno "lela", usiku, katika umoja, ingawa masimulizi yenyewe ni ya siku elfu na moja.

Ukiyatazama makundi hayo matatu, utaona kwamba kam ya kuuliza imejiunga na kundi la kati. "Kam kitaban" na "ishruna kitaban" zina nomino ya sura moja. Hivyo swali la kwa nini kam inataka umoja na nasbu ni swali la kwa nini ishirini inazitaka, na hapo jibu linapatikana.

Tuanze na nasbu. Katika Kiarabu, nomino ikitaka kushikamana na nyingine kwa idhafa, kama tunavyosema "kitabu cha mtoto", lazima iache tanwini yake. Kitabun huwa kitabu waladin: ile "un" ya mwisho imeanguka ili neno la pili lishikamane na la kwanza, na neno la pili hutiwa kisra. Tatu na mia hufanya vivyo hivyo. Thalathatun huacha tanwini na kuwa thalathatu kutubin; miatun huacha yake na kuwa miatu kitabin.

Ishirini haifanyi hivyo. Ishruna inaishia na nuni, na inapohesabu kitu nuni hiyo haidondoki. Ni nuni ile ile tunayoitamka kila siku katika ishirini, thelathini, arobaini hadi tisini, kwa kuwa Kiswahili kilizichukua namba hizi pamoja nayo. Maadamu nuni ipo, ni kama mlango uliofungwa: neno linalofuata haliwezi kuingia na kuwa sehemu ya idhafa, kwa hiyo haliwezi kupata kisra. Linabaki nje, likifafanua namba ambayo tayari imekamilika. Katika nahau ya Kiarabu, kinachokuja kufafanua jambo lililokamilika lakini bado halijaeleweka huitwa tamyizi, na hukumu yake ni nasbu. Namba za 11 hadi 19 nazo zimefungwa kwa njia yake: maneno mawili, ahada na ashara, yameunganishwa yakawa kitu kimoja, na lile la pili limekaa mahali ambapo tanwini ingekaa.

Waliosoma Ajrumia katika madrasa zetu watakumbuka mlango wa tamyizi. Ibnu Ajrum, mwanachuoni wa Fasi nchini Moroko aliyefariki mwaka 1323, alitoa humo mifano ya ishirini na ya kondoo tisini, na akashurutisha kwamba tamyizi huwa nakira, yaani nomino isiyo na "al". Hakuna mahali pa kusema "kam al-kitaba".

Sasa umoja. Mtu akisema ishruna, wingi umeshatajwa na namba yenyewe. Kilichobaki kwa msikilizaji ni kujua jinsi ya kitu: ishirini za nini? Za kitabu, za mtoto, za siku. Kutaja jinsi hakuhitaji wingi. Neno la umoja linatosha, nalo ndilo jepesi zaidi mdomoni. Kam nayo ni hivyo hivyo. Neno lenyewe limebeba maana ya idadi, ingawa idadi hiyo haijulikani, na nomino inayofuata inakuja kusema tu ni idadi ya kitu gani.

Lakini kwa nini kam ifuate ishirini, isifuate tatu wala mia? Jibu la zamani kabisa lililoandikwa ni la Sibawaihi, mwanafunzi wa Khalil bin Ahmad Al-Farahidi huko Basra, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8. Katika kitabu chake kinachoitwa Al-Kitab, alieleza kwamba kam ya kuuliza inachukuliwa kama jina lenye tanwini isiyoonekana, kwa hiyo inafanya kazi kama ishirini. Kam haibadiliki mwisho wake, ni mimi yenye sukuni siku zote, lakini athari ya tanwini hiyo inaonekana kwenye neno linalofuata. Wanazuoni waliokuja baadaye wakaongeza sababu nyingine: anayeuliza hajui kama jibu ni chache au ni nyingi, kwa hiyo kam ikapewa hukumu ya namba za kati, zilizo baina ya uchache wa tatu na wingi wa mia. Ibnu Malik, katika Alfia yake ya karne ya 13, alilifupisha jambo lote kwa kuagiza kwamba tamyizi ya kam ya kuuliza ifanywe kama tamyizi ya ishirini.

Si wote waliokubaliana kuhusu umoja. Wananahau wa Kufa waliruhusu wingi baada ya kam ya kuuliza. Wale wa Basra walikataa, na vitabu tunavyosoma vimefuata Basra. Pia kam ikitanguliwa na harufu ya jarri, kisra inaruhusiwa. Muuzaji anaweza kuulizwa "bikam dirhaman" au "bikam dirhamin", kwa dirhamu ngapi, na zote mbili ni sahihi, kwa sababu katika ile ya pili wananahau wanakadiria kwamba kuna "min" iliyofichwa.

Hatari kubwa zaidi ni kuichanganya kam ya kuuliza na ndugu yake, kam ya kutoa habari. Hii haiulizi, inasema kwamba kitu ni kingi mno, na nomino baada yake huwa majruri: kam kitabin qaraatu, ni vitabu vingi kweli nilivyosoma. Hapa Sibawaihi alisema tanwini imeondolewa, mlango umefunguka, na idhafa imepita. Nomino ikiwa ya wingi pia inakubalika: kam kutubin.

Jinsi irabu moja inavyobeba maana inaonekana katika ubeti mashuhuri wa Farazdaqi, mshairi wa zama za Bani Umaiya, aliyekuwa akimkejeli mshindani wake Jariri. Anamwambia kwamba shangazi zake na mama zake wadogo waliwahi kumkamulia ngamia, yaani walikuwa watumishi wake. Neno la shangazi lililokuja baada ya kam limepokewa kwa irabu zote tatu. Kwa kisra, Farazdaqi anajigamba kwamba ni wengi. Kwa fataha, kwa maelezo mashuhuri ya wananahau, anauliza kwa dhihaka: hebu niambie walikuwa wangapi, mimi nimesahau. Kwa dhuma, shangazi ni mmoja, na kam inahesabu mara alizokamua. Herufi hazibadiliki, tusi ndilo linalobadilika.

Tulitazame sasa swali moja hadi jibu lake, kwani hapo ndipo wengi huteleza. Mwalimu anauliza: kam kitaban qaraata, umesoma vitabu vingapi? Nomino ni umoja na mansubu. Mwanafunzi aliyesoma vitatu asijibu "thalathata kitaban" kwa kuiga swali. Atajibu: qaraatu thalathata kutubin, kwa wingi na kisra, kwa sababu sasa tatu ndiyo inayotawala, si kam. Aliyesoma kumi na kimoja atajibu: qaraatu ahada ashara kitaban, na nomino itafanana na ya swali. Aliyesoma mia atajibu: qaraatu miata kitabin. Umbo la nomino katika jibu huamuliwa na namba ya jibu, na swali halina neno hapo.

Kwenye maandishi yasiyo na irabu, dalili ya nasbu ni alifu inayoongezwa mwishoni mwa nomino nyingi. Waladan, yauman na kitaban huandikwa na alifu hiyo. Kuiacha ni kosa linaloonekana kwa macho. Maneno yanayoishia na ta marbuta, kama sayyaratan, hayaiongezi.

Wenzetu wanaoishi Omani na nchi nyingine za Ghuba husikia sokoni "kam kitab" bila irabu yoyote ya mwisho. Lahaja za leo zimeangusha nasbu, lakini hazikuangusha umoja.

Basi unapoandika swali la idadi kwa Kiarabu fasaha, iondoe kam akilini na uweke ishruna mahali pake. Ukisema ishruna kitaban, basi andika kam kitaban. Ukijisikia kusema ishruna kutuban, simama hapo, kwa kuwa ni Kiswahili kinachozungumza ndani yako, na Kiarabu bado hakijaanza.