Insha Moja, Hukumu Nne

Mwanafunzi wa mwaka wa pili amewasilisha insha yenye aya mbili zilizonyanyuliwa neno kwa neno kutoka kwenye makala ya jarida, bila alama za nukuu wala jina la mwandishi. Mpe msahihishaji wa kwanza, ataweka sifuri. Wa pili atakata alama kumi na kuandika pembeni, "Taja chanzo." Wa tatu atamwita kijana ofisini, amgombeze faragha, kisha ampe alama zake kama kawaida. Wa nne atapeleka faili kwa mkuu wa idara. Wote wanne wameuona wizi uleule. Walichotofautiana ni hatua iliyofuata, na mwanafunzi hana namna ya kuchagua kazi yake iangukie mikononi mwa nani.

Hapo ndipo warsha nyingi za wasahihishaji zinapokosea. Asubuhi nzima inakwisha kwa kuwaeleza wahadhiri wizi wa kitaaluma ni nini, jambo wanalolijua tangu walipokuwa wanafunzi. Wasichokijua ni mwenzao wa ofisi ya jirani hufanya nini akishautilia shaka ukurasa. Kwa hiyo mpango wa warsha ya nusu siku kwa kitivo kizima uanzie hapo.

Kazi huanza wiki moja kabla ya kukutana. Mratibu huwatumia wasahihishaji wote sampuli nne zilezile, majina ya wanafunzi yakiwa yamefutwa, kila moja ikiwa na ripoti yake ya ulinganifu kutoka kwenye programu kama Turnitin. Kila mtu anajaza fomu peke yake na kuchagua moja kati ya majibu matatu: hakuna kosa, udhaifu wa kunukuu unaotosha kurekebishwa kwa maoni, au shaka inayostahili kupelekwa mbele. Chini yake anaandika sababu kwa sentensi moja. Fomu zirudishwe kabla ya siku ya warsha, maana watu wakishaketi pamoja na profesa akazungumza wa kwanza, ni nadra mhadhiri msaidizi kusema tofauti.

Siku yenyewe, mratibu anaonyesha ubaoni majibu yalivyogawanyika, bila majina. Mjadala unaanza na sampuli mbili za kwanza, kwa kuwa hizo ndizo zinazoumbua imani ya watu katika asilimia.

Sampuli ya kwanza ni kazi ya sheria yenye ulinganifu wa asilimia 42. Wengi huwa wameshaihukumu kwa kuiona namba hiyo tu. Ifungueni ripoti pamoja, mstari kwa mstari. Kilichokolezwa rangi ni ukurasa wa jalada ambao darasa zima linao, swali la mwalimu, orodha ya marejeleo, na vifungu vya sheria vilivyonukuliwa ndani ya alama za nukuu. Programu ikiagizwa iache nukuu na marejeleo, asilimia inashuka hadi 9, na kilichobaki ni jalada, swali la mwalimu na tungo fupifupi za kawaida za kisheria. Hakuna kosa.

Sampuli ya pili ina asilimia 11, na ripoti inaipa rangi ya kijani, kama zinavyopewa kazi zenye ulinganifu wowote usiozidi asilimia 24. Wenye haraka huipitisha. Lakini insha ina maneno 2,500, kwa hiyo asilimia 11 ni takriban maneno 275, na hapa maneno yote hayo yamekaa mahali pamoja, katika uchambuzi ambao ndio uliobeba alama nyingi, kutoka chanzo kimoja ambacho hakikutajwa popote. Hii ndiyo ya kupelekwa mbele. Programu hupima maandishi yanayofanana, haipimi wizi. Kitivo kinachojiwekea kanuni ya "zaidi ya asilimia 20 ni kosa" kimemwachia huyu na kumwonea yule wa sheria.

Sampuli ya tatu imeandikwa kwa Kiswahili na ina asilimia 4. Katika vyuo vyetu hii inastahili muda wake, kwa kuwa makala ya Kiingereza ikishatafsiriwa, ulinganifu wa maneno kwa kawaida hupotea. Msomaji makini ndiye anayeikamata. Insha ya kurasa sita inasema "kama tulivyoona katika sura iliyotangulia" ilhali haina sura. Inaelekeza kwenye "jedwali la 3" ambalo halipo. Vyanzo vyote vinakoma mwaka 2004, japo somo lenyewe lina orodha mpya ya kusoma. Dalili hizi hazitoshi kumtia mtu hatiani, lakini zinatosha kutafuta makala asilia na kuiweka kando ya insha. Isipopatikana, msahihishaji aandike alichokiona na kumwachia mwenye dhamana aamue kama mwanafunzi aitwe aeleze alivyoifanya kazi yake.

Ya nne ni ya wanafunzi wawili wenye aya inayofanana. Hapa hoja ni moja: zipelekwe kazi zote mbili, kwa kuwa kuijua iliyowasilishwa mwanzo si kumjua aliyeandika.

Baada ya chai inakuja sehemu ngumu, nayo ni kukubaliana juu ya utaratibu mmoja. Msahihishaji mwenye shaka asahihishe kazi hadi mwisho na kuweka alama inazostahili kama ilivyo, bila kukata kitu kwa sababu ya shaka. Asimwite mwanafunzi. Achapishe ukurasa wenye shaka na ukurasa wa chanzo, apige mistari penye kufanana, aandike maelezo mafupi na kumkabidhi mhusika mmoja aliyeteuliwa na kitivo. Huyo ndiye anayeangalia kumbukumbu na kumwita mwanafunzi ajieleze.

Yule anayekata alama kumi kimyakimya ndiye atakayepinga zaidi, naye hufanya hivyo kwa huruma. Huruma hiyo ina madhara. Mwanafunzi ameadhibiwa bila kusikilizwa, na mashtaka, hukumu na adhabu vyote vimetoka kwa mtu mmoja. Isitoshe, hakuna kilichoandikwa. Kijana anaweza kudesa katika idara tatu kwa miaka mitatu, na kila mara akaonekana ndiyo kwanza ameteleza.

Suala la adhabu lisiwachukulie muda wasahihishaji, kwa kuwa si lao. Watosheke kujua kwamba inaweza kupimwa kwa vigezo vilivyo wazi. Uingereza, mwaka 2010, ilitolewa jedwali la mradi wa AMBeR linalohesabu pointi kwa mambo matano: kama mwanafunzi ana makosa ya nyuma, kiasi kilichochukuliwa, ngazi ya masomo, uzito wa kazi, na kama alijaribu kuficha. Kitivo kinaweza kujiwekea jedwali lake kwa njia hiyohiyo.

Saa ya mwisho, wape sampuli mbili mpya na fomu ileile, kisha linganisha mgawanyiko wa majibu na ule wa asubuhi. Msitarajie kauli moja. Kazi ya mwaka wa kwanza ambayo imetaja chanzo lakini imebadilisha maneno machache tu itaendelea kuwagawa watu wenye nia njema. Kwa kazi ya aina hiyo, kubalianeni kwamba anayesitasita kati ya udhaifu na shaka atamuuliza yule mhusika kabla ya kurudisha insha.

Na amidi anayepanga kalenda asiiweke warsha hii katika wiki ya kusahihisha, wakati kila mhadhiri ana rundo mezani. Iwe kabla insha za kwanza hazijakusanywa, na walimu wa muda waitwe na kulipwa saa zao, maana katika madarasa makubwa wao ndio wanaosahihisha sehemu kubwa ya kazi.